Dakika mbili stoo: kisa cha mweka hazina na swali la kujikagua

Kisa hiki ni cha mweka hazina wa SACCOS moja ya wafanyabiashara wa spea, Kariakoo. Jina lake na la chama nimeyaacha, na tarakimu za fedha nimezibadilisha, kwa sababu hesabu za chama ni mali ya wanachama.

Chama cha ushirika kila mwaka kinaitisha mkutano mkuu. Wanachama wanasomewa taarifa ya mapato na matumizi, wanapitisha makisio ya mwaka unaofuata, wanapitisha na ukomo wa madeni. Kwenye chama hiki anayesimama kusoma hesabu ni yeye. Mwaka juzi alisoma kurasa zote kwa sauti moja mpaka ukumbi ukaanza kupiga soga. Alipofika kwenye mikopo chechefu, mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza swali la mstari mmoja: fedha zetu zimekwama wapi na zitarudi lini? Akaanza kujibu. Akazunguka, akarudi nyuma, akafungua tena karatasi, akaanza upya, hadi mwenyekiti akaingilia kati na kumjibia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba jibu alikuwa nalo. Hesabu zile alizitengeneza kwa mkono wake.

Mkutano uliofuata ulipobakiza kama miezi miwili, alijiwekea zoezi la kila siku. Kwa nje halikukosa kitu. Alamu ya simu ililia saa tatu usiku, akarekodi dakika mbili na kujitumia mwenyewe kwenye WhatsApp, kisha akajibu maswali matatu kwenye kaunta buku: Nimejisikiaje? Nimefanya vizuri nini? Niboreshe nini? Aliponitafuta, wiki tatu zilikuwa zimepita. Mimi ni mtangazaji wa zamani, siku hizi nafundisha watu kuzungumza mbele ya watu, na kabla ya kumsikiliza akizungumza niliomba kwanza lile daftari.

Lilikuwa limejaa. "Sauti mbaya." "Nina haraka mno." "Sijiamini." "Leo afadhali." "Sauti kama ya mtoto." Kurasa zote zilikuwa hivyo, na siku kadhaa hapo katikati zilikuwa wazi. Ukiyasoma yale majibu kwa mfululizo unagundua kwamba hakuna hata moja linalomwambia kesho afanye nini tofauti. "Sijiamini" ni hukumu, na mtu hawezi kuirekebisha hukumu. Anachoweza kurekebisha ni sentensi fulani, aliyoisema mahali fulani kwenye rekodi. Kwa hiyo alirekodi kila siku, akajilaumu kila siku, na rekodi ya wiki ya tatu haikuwa na tofauti na ya kwanza. Nilizisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, mbele yake.

Kabla ya kugusa maswali ilibidi tuondoe mambo matatu yaliyokuwa yanaharibu ushahidi wenyewe.

La kwanza ni "sauti ya mtoto". Mtu akizungumza anajisikia kwa njia mbili: hewa inayoingia masikioni, na mtikisiko unaopita kwenye mifupa ya kichwa. Njia ya mifupa inaongeza sauti nzito. Simu inanasa ile ya hewa peke yake, ndiyo maana kila mtu akijisikia kwenye rekodi anajiona ana sauti nyembamba kuliko anavyojijua. Wanachama hawajawahi kusikia ile nzito. Wamezoea hii hii. Nilimwambia jambo la sauti tunaliacha, halina jibu la kuandikwa, na kwa kawaida ugeni wake unakwisha ukishajisikia mara nyingi. Lilikwisha kweli.

La pili lilinichekesha. Yeye ni mtu wa magrupu mengi, ujumbe wa sauti anausikiliza kwa 1.5x ili amalize haraka, na rekodi zake mwenyewe alizisikiliza hivyo hivyo. Halafu anaandika "nina haraka mno". Tulipoirudisha kwenye 1x tukasikia mtu anayekwenda taratibu kabisa, taratibu hata kupitiliza, anayesimamasimama katikati ya sentensi. Wiki tatu alikuwa anapambana na ugonjwa asiokuwa nao. Tuliihama WhatsApp tukatumia kinasa sauti cha kawaida cha simu, kwa sababu hiyo na kwa nyingine iliyo nzito zaidi: taarifa ya fedha ambayo haijafika mkutanoni haitakiwi kukaa kidole kimoja tu kutoka kwenye grupu la wanachama, hasa kama ndani yake mtu anataja wadaiwa. Tukakubaliana pia kwamba kwenye mazoezi hataji jina la mkopaji yeyote.

La tatu ni saa yenyewe. Saa tatu usiku nyumbani kwake, Mbagala, televisheni inazungumza, wajukuu hawajalala, na yeye amejifungia chumbani akinong'ona asisikike. Mtu anayenong'ona kila siku anazoea kunong'ona: pumzi inakuwa fupi, mwisho wa sentensi unamezwa. Zile siku zilizokuwa wazi kwenye daftari nazo zilitokea hapo. Alamu ililia, akaizima, akasema ngoja kwanza nimalize hiki. Tulihamishia zoezi dukani, asubuhi, akishafungua kufuli na kabla hajainua mlango wa chuma. Stoo ya nyuma ina maboksi ya spea hadi darini, na maboksi yanameza mwangwi. Kwa saa hiyo wamachinga hawajawasha spika zao. Simu anaiweka juu ya boksi, umbali wa mkono mmoja, feni imezimwa, yeye anasimama.

Alamu tuliibakiza, ila tuliibadilisha maandishi. Mwanzo ilikuwa imeandikwa "MAZOEZI". Aliniambia siku nyingi dakika za kwanza zilimwishia akiwaza leo aseme nini, na mwisho wake anasoma tu taarifa ya mwaka jana. Sasa kila Jumapili jioni aliandika kwenye maandishi ya alamu kazi za wiki: "Mikopo iliyochelewa, kwa mtu asiyejua hesabu." "Kwa nini gawio limepungua." "Makisio: kipi kimepanda?" Alamu ikilia, swali tayari lipo kwenye kioo.

Baada ya hayo tukafika kwenye maswali, ambako ndiko kazi yenyewe ilikuwa. Nilifuta yote matatu. Badala yake tuliweka swali moja kwa wiki nzima, na sharti moja: jibu lazima liwe ni maneno yaliyomo ndani ya rekodi, yaliyonakiliwa, pamoja na sekunde yanapoanzia. Neno la sifa, zuri au baya, lilipigwa marufuku. Swali la wiki ya kwanza lilikuwa: "Jambo la kwanza ambalo mjumbe alikuwa halijui limesemwa sekunde ya ngapi? Linakili."

Hapa nawawekea rekodi ya Jumatatu ya wiki hiyo kama alivyoinakili yeye mwenyewe kwenye kaunta buku, bila kuisafisha:

"Kwa hiyo ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa, kama mnavyojua, yaani, hali ya mikopo kwa mwaka huu, eee, tumekuwa na changamoto, kwa hiyo mikopo ambayo, yaani, haijarejeshwa kwa wakati ni, eee, ni milioni ishirini na saba, laki tatu, elfu arobaini na mia tano, ambayo yaani ukilinganisha na mwaka jana, sasa mwaka jana ilikuwa, eee, ilikuwa milioni kumi na tisa na kitu, kwa hiyo imepanda, lakini pia sababu zake zipo, kwa sababu kuna wanachama ambao yaani waliagiza mzigo..."

Jibu lake: sekunde ya 24, "milioni ishirini na saba". Halafu akaongeza kwa mkono mdogo, bila kuulizwa: "nukta haipo". Ni kweli. Tangu mwanzo hadi mwisho wa ule ukurasa hakuna mahali sentensi imefungwa. Kila ilipotakiwa nukta, paliwekwa "kwa hiyo" au "ambayo yaani", na safari ikaendelea. Mtu akisikiliza hawezi kuliona hilo, kwa sababu sikio linaisamehe sauti. Akinakili kwa mkono analiona, maana mkono unatafuta pa kupumzika na haupati. Ndiyo sababu nasisitiza kunakili, angalau nusu dakika. Inachosha, lakini kusikiliza tu huku unatikisa kichwa hakujawahi kumwonyesha mtu kitu kama hiki.

Kwa kawaida watu wakifika hapa wanaanza kuhesabu "yaani" na "eee". Mimi mwenyewe zamani nilikuwa nafundisha hivyo. Vilabu vya Toastmasters, vilivyoanzia California mwaka 1924, vina mtu maalumu kwenye kikao wa kuhesabu vijineno hivyo, na pale inafanya kazi kwa sababu anayehesabu ni mwingine. Mzungumzaji anaendelea na hoja yake. Ukijihesabia mwenyewe huku unazungumza, nusu ya akili inakuwa mlinzi wa getini. Mweka hazina aliijaribu siku mbili bila kuniambia. "Yaani" zilipungua kweli. Ila rekodi za siku hizo unasikia mtu anayetembea juu ya vigae vilivyolowa: neno, kimya, neno, kimya, na hoja haijulikani imepotelea wapi.

Nilimwambia aache kuhesabu ni ngapi, aandike zipo wapi. Hilo likawa swali la wiki ya pili: "Neno gani limekuja mara tu baada ya 'eee' au 'yaani'? Nakili matano." Alipoyaorodhesha ya siku tatu mfululizo, hakuhitaji mwalimu. Karibu yote yalikuwa tarakimu, au neno linaloitangulia tarakimu: "ni", "ilikuwa", "sawa na". Kwenye maelezo ya kawaida, akieleza kwa mfano jinsi mkopo unavyoombwa, alinyooka tu.

Sababu tuliipata kwa kumwuliza wakati ule anawaza nini. "Nakuwa natafuta laki zake na elfu zake, Mwalimu, nisije nikakosea mbele za watu." Kumbe "eee" haikuwa tabia ya ulimi. Ilikuwa muda wa kuitafuta namba ambayo ameahidi kuitaja hadi shilingi ya mwisho huku sentensi imeshaanza. Na namba ikipatikana inachukua pumzi nzima kuitamka: milioni, laki, elfu, mia. Akimaliza, aliyekaa nyuma ameshasahau inahusu nini.

Mikopo yote iliyokuwa mikononi mwa wanachama ilikuwa takribani milioni 180. Iliyochelewa ilikuwa 27,340,500. Tarakimu kamili imechapwa kwenye kabrasha alilonalo kila mjumbe na mkaguzi ameiona, kwa hiyo hakuna ulazima mdomo uibebe. Tukaweka utaratibu wa mambo matatu tu kwa ajili ya namba za kutamka: anataja milioni peke yake; namba inakuja mwisho wa sentensi, kamwe si katikati; na ikishatajwa ananyamaza kwa kiasi cha pumzi moja. Anaandika namba zake tatu kwenye kadi kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, ili asizitafute akiwa ameshaanza.

Rekodi ya mada ile ile, siku chache baadaye:

"Ndugu wajumbe, mikopo iliyochelewa imeongezeka. Mwaka jana ilikuwa milioni kumi na tisa. Mwaka huu ni milioni ishirini na saba. Maana yake, katika kila shilingi mia tulizokopeshana, kumi na tano hazijarudi kwa wakati. Wengi wa waliochelewa waliagiza mzigo, na mzigo ukachelewa kutoka. Eee, tumekaa nao, na wengi wameshaandikiana nasi tarehe mpya za kulipa."

Jambo jipya limekuja kwenye sentensi ya kwanza. Ile "eee" moja iliyobaki nilimwambia aiache ilipo, kwa sababu haikuwa inatafuta namba. Alikuwa anahama kutoka kwenye tatizo kwenda kwenye hatua, na mtu yeyote anavuta pumzi mahali kama hapo.

Kuhusu kasi niseme neno, maana aliniuliza. Kuna vipimo vinavyozunguka mitandaoni vya maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Vimetokana na Kiingereza. Sisi "tumeshawakumbusha" ni neno moja, kwao ni maneno manne au matano, kwa hiyo anayejipima Kiswahili chake kwa kipimo kile atajiona mzembe na kuanza kukimbia. Kama mtu anataka kujipima, apime rekodi yake ya leo kwa ile ya kwake ambayo mtu mwingine aliisikiliza na kuielewa mara moja.

Video hatukuitumia. Tulijaribu mara moja. Jibu lake kwenye daftari lilihusu mtandio.

Kuanzia wiki ya tatu tuligonga ukuta ambao zoezi hili linao kwa asili yake. Rekodi zilikuwa safi, na usafi wenyewe ukaanza kunitia shaka. Kwenye stoo hakuna anayekatiza, hakuna anayeguna, na akikosea anafuta na kurekodi tena. Nilimwuliza anafuta mara ngapi. Akacheka. Basi tukaweka kwamba rekodi ya kwanza ndiyo inayonakiliwa, hata ikiwa mbovu, maana mkutanoni hakuna kufuta. Na siku moja katika juma kijana wa dukani aliruhusiwa kuingia stoo na swali alilolitunga mwenyewe, lolote kuhusu chama, mama asilijue mpaka simu imeanza kunasa. Yule kijana alikuwa na roho ngumu. Swali lake la kwanza: "Mama, kwa nini wajumbe wa bodi wanalipwa posho na sisi gawio limeshuka?" Alizunguka dakika nzima kama mwaka ule. Lakini safari hii ilikuwa kwenye rekodi, akainakili, akaona mwenyewe kwamba jibu alilitoa sekunde ya 50, na kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa utetezi ambao hakuna aliyemwuliza. Swali la kujikagua la wiki hiyo likawa: "Jibu limeanza sekunde ya ngapi?" Baada ya majaribio kadhaa likawa linaanza ndani ya sekunde kumi, kisha maelezo yanafuata.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, Chang'ombe. Uliitishwa saa nne, ukaanza karibu na saa sita baada ya akidi kutimia. Nilikaa nyuma. Dakika za mwanzo alikwenda mbio kuliko nilivyowahi kumsikia stoo, na maiki aliishika mbali kiasi kwamba maneno ya mwisho wa sentensi yalikuwa yanapotea; hilo hatukulifanyia zoezi kabisa, kwa sababu simu juu ya boksi haihitaji kushikwa. Alipofika kwenye mikopo alituliza mwendo. Alitaja milioni ishirini na saba, akanyamaza, na ukumbi nao ukanyamaza, jambo ambalo naamini lilimshtua yeye kuliko wajumbe. Mzee yule yule akanyoosha mkono. Jibu lilikuja kwanza: sehemu kubwa iko kwa walioagiza mzigo, na tarehe walizokubali kulipa zipo ukurasa wa tisa wa kabrasha. Mzee akafunua ukurasa, akasoma, akakaa.

Kwenye ukomo wa madeni mambo yaliharibika. Mjumbe mmoja alidhani chama kinaomba ruhusa ya kwenda kukopa fedha hizo zote. Mweka hazina akaanza kueleza tofauti ya kuwekewa kiwango cha juu na kukopa hadi kiwango hicho, akarudi kwenye "kwa hiyo" na "ambayo yaani" zake zote, na mwenyekiti akaingia tena. Niliporudi kwenye kaunta buku sikushangaa: katika kazi zote alizoziandika kwenye alamu, ukomo wa madeni haukuwahi kuandikwa hata mara moja. Aliona ni kipengele cha dakika moja, kitapita.

Zoezi sasa analifanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ijumaa ni ya kijana wa dukani na swali lake. Mkononi anashika tochi, karibu na kidevu, ili mkono uzoee umbali wa maiki. Kazi iliyoandikwa kwenye alamu ya wiki hii ni: "Ukomo wa madeni, kwa mtu anayedhani tunakwenda kukopa."